Emoji, voisi noti na "cjui": maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaochati na maafisa ajira WhatsApp

Nimekaa miaka saba kwenye meza ya kuajiri hapa Dar es Salaam, nikitafutia hoteli, maduka na kampuni za usafirishaji wapokea wageni, watunza stoo, wapishi na madereva. Siku hizi barua pepe imebaki ya kutuma wasifu tu. Mazungumzo yenyewe yako WhatsApp, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki na vijana, wakati mwingine na wazazi wao.

Majibu yangu mengi yanatokana na jambo moja ambalo mwombaji halioni akiwa upande wake wa simu: ujumbe wako hauishii kwangu. Naunakili kwenye jedwali la waombaji, naufowadi kwa meneja wa idara, na ukichaguliwa unaweza kusomwa tena siku ya kupanga mshahara. Kwa hiyo kila ujumbe naupima hivi: mtu ambaye hakuwepo kwenye mazungumzo yetu akiusoma, ataelewa kile kile nilichoelewa mimi?

Emoji zinakubalika au nisitumie kabisa?

Zinakubalika, zikikaa mahali pake. "Asante sana, nimeipokea barua 🙏" ni ujumbe mzuri. Maneno yamekamilika, na ile mikono inaongeza tu uungwana. Hakuna afisa ajira ninayemfahamu aliyewahi kumwacha mtu kwa sababu ya 🙏 moja.

Shida inaanza emoji inapochukua nafasi ya neno. Nimemuuliza mtu, "Uko tayari kufanya kazi zamu ya usiku?" akanijibu 😅. Nikae nayo wapi hiyo? Kwenye jedwali langu kuna safu ya "zamu ya usiku: ndiyo au hapana", na 😅 haiingii. Nikimuuliza mara ya pili nimepoteza nusu siku, na wenzake watano wameshajibu.

Ujumbe wa kwanza kabisa usiwe na emoji, kwa sababu hatujajuana. Na palipo na tarehe, saa, kiasi cha pesa au maelezo ya kosa, usiweke pia. Mwombaji aliyeniandikia "Nimechelewa kidogo, foleni Ubungo 😂😂" pengine alikuwa anacheka kwa aibu, kama wengi wetu tunavyofanya. Meneja niliyemfowadia hakuijua aibu yake. Aliona mtu anayeona kuchelewa ni mchezo.

Ukiwa na simu mpya, jua pia kwamba emoji zilizotoka karibuni kwenye simu ya zamani huonekana kama kiboksi kitupu, na simu za ofisini mara nyingi ni za zamani.

Nimealikwa kwenye usaili. Nikiugusa ujumbe na kuweka 👍, si inatosha?

Haitoshi. Kidole gumba kilichobandikwa juu ya ujumbe wangu kinaniambia kwamba umeuona. Hakiniambii kwamba utakuja, wala kwamba saa umeielewa. Halafu nikiufowadi ujumbe ule kwa meneja au kwa mlinzi wa getini, kidole hakiendi nao. Kinabaki kwenye uzi wetu.

Andika jibu linalorudia mambo yenyewe: "Asante, nimepokea. Nitafika Jumatatu tarehe 12, saa 3:00 asubuhi, ofisi ya Masaki, nikiwa na vyeti halisi." Hapo ndipo ninapogundua kama nilikosea tarehe mimi mwenyewe, jambo ambalo limenitokea zaidi ya mara moja. Ukishaandika hivyo, ongeza 🙏 ukipenda.

Kuandika "cjui", "xaxa", "nko", "2taonana" kuna ubaya gani? Si kila mtu anaelewa?

Wengi wanaelewa, na ndiyo maana watu hushangaa ninapolikazania hili kuliko emoji na sauti. Siyo suala la adabu tu. Kifupisho kinabadilisha maana, na kinaibadilisha pale pale penye jambo la maana. Nitaeleza kwa visa viwili.

Kwenye Kiswahili, ukanushi mara nyingi unakaa kwenye silabi moja ya mwanzo. Nina, sina. Nimewahi, sijawahi. Ukiandika kwa vifupisho, silabi hiyo inabaki herufi moja: "nna" na "cna". Nilikuwa natafuta dereva wa basi la wafanyakazi, leseni daraja C. Mmoja akajibu: "Leseni C cna shida". Nikasoma: leseni C sina, hiyo ndiyo shida. Nikamweka pembeni. Baada ya siku nne akanipigia kuuliza amefikia wapi, na ndipo nikajua alimaanisha: leseni C? Sina shida, ninayo. Leseni alikuwa nayo kweli, tena na uzoefu mzuri. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Mpaka leo kisa hicho kinaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la wote wawili: yeye aliyekata maneno na mimi ambaye sikuuliza. Kama angeandika "Ninayo leseni daraja C", angekuwa na kazi.

Kisa cha pili ni cha saa. Mtunza stoo mmoja alipangiwa usaili na meneja wa ghala, raia wa India aliyekuwa bado mgeni nchini. Nilimuuliza kijana siku inayomfaa, akaandika: "J3 saa 3". Kwetu hiyo haina utata: Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nilikuwa na haraka, nikaufowadi ulivyo nikiwa nimeongeza neno moja tu la kumwambia meneja kwamba huo ndio muda. Meneja akaona 3 na 3. Akaelewa tarehe 3, saa tisa alasiri. Kijana alifika Jumatatu asubuhi, akakaa kwenye benchi mpaka saa sita, meneja yuko bandarini. Tarehe 3 meneja akakaa ofisini akisubiri, kijana hayupo. Kila mmoja akaamini mwenzake si mtu wa kutegemewa.

Tangu hapo naomba kila mwombaji aandike siku kwa jina lake kamili, tarehe, na saa pamoja na kipindi cha siku: "Jumatatu tarehe 12, saa 3:00 asubuhi". Kama unajua ujumbe utasomwa na mtu asiyetumia saa za Kiswahili, weka na ile ya kimataifa: "saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00". Ni maneno machache, na yanamwokoa mtu nauli ya kwenda na kurudi.

Na mshahara? Naweza kuandika "450k" au "laki 4 na nusu"?

"Laki nne na nusu" ni Kiswahili safi, hakina tatizo. "450k" nayo inaeleweka, ila mahali pa pesa mimi napendelea tarakimu zote: Sh 450,000. Kinacholeta ugomvi zaidi ya kifupisho ni kutosema ni kwa mwezi au kwa wiki, na ni kabla au baada ya makato. Mtu akiandika "450 iko poa" kisha akapokea mshahara wa kwanza umekatwa mchango wa NSSF na kodi, anajiona amedanganywa. Andika: "Sh 450,000 kwa mwezi, kabla ya makato." Ujumbe huo utakulinda wewe kuliko utakavyomlinda mwajiri.

Kuna vifupisho vinavyoruhusiwa?

Vipo, vile ambavyo ni majina ya vitu: NIDA, NSSF, TIN, VETA, PDF, na "n.k." Hivyo kila mtu ofisini anavitumia na kuviandika kwa kirefu kungekuwa kujichosha. "Sawa" ni fupi tayari, haihitaji kuwa "xawa".

Nianze na "Shkmoo"?

Hapana. Kama umeamua kuamkia, amkia kwa ukamilifu: "Shikamoo". Salamu ya heshima iliyokatwa inapoteza kile kilichoifanya iwe salamu ya heshima. Ila kwenye ujumbe wa kwanza humjui umri wa unayemwandikia. Nimeamkiwa shikamoo na watu walionizidi umri, nikabaki sijui niitikie vipi. "Habari za kazi" au "Habari za asubuhi" inamfaa kila mtu. Ukishajua jina lake, "Dada" au "Kaka" mbele ya jina ni sawa kabisa kwa ofisi nyingi za hapa. "Ndugu" ni rasmi zaidi na haikosei.

Jambo moja linalohusiana: usitume "Mambo vp" peke yake halafu ukasubiri nijibu ndipo useme shida yako. Salamu na maelezo viende kwenye ujumbe mmoja. Asubuhi nafungua simu nakuta "Hbr" thelathini kutoka namba nisizozijua, na siwezi kujua yupi anaomba kazi gani. Kinachonifanya nijibu ni kitu kama hiki: "Habari za asubuhi. Naitwa (jina lako kamili). Naomba nafasi ya mpokea wageni mliyoitangaza jana. Nimefanya kazi hiyo miaka 3, hoteli ya Bagamoyo. Wasifu wangu nimeuambatanisha hapa kwa PDF."

Kwa nini maafisa ajira hawapendi voisi noti?

Kwa sababu sauti haitafutiki. Nikitaka kukumbuka nani alisema ana cheti cha VETA cha upishi, nachapa "VETA" kwenye kisanduku cha kutafuta, majina yanakuja. Aliyelisema hilo kwa sauti haji. Ni kama hakuniambia.

Pia sauti inataka utulivu ambao ofisini haupo. Maandishi nayasoma nikiwa kikaoni au kwenye mwendokasi. Sauti inabidi nitafute spika za masikioni, na mtu akizungumza dakika tatu, jibu nililohitaji liko kwenye sekunde ya mia moja na arobaini. Najua kuna kitufe cha kuharakisha mara moja na nusu au mara mbili, na natumia. Ila jina la mtaa au namba ya simu iliyosemwa haraka, kisha ikaharakishwa tena, haishikiki.

Na kuna faragha yako. Sauti uliyonitumia ukieleza kwa nini uliacha kazi ya zamani inaweza kusikika kwa mtu aliyeketi karibu nami.

Basi ni lini sauti inafaa?

Nikiiomba. Kwa kazi za huduma kwa wateja, mapokezi, mauzo ya simu na kuongoza watalii, huwa naomba sauti ya nusu dakika, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine mteja anayoitaka. Hapo nasikiliza kitu ambacho wasifu hauwezi kunionyesha: mtu anatamka vipi, anapumua wapi, anaweza kueleza jambo bila kujikwaa.

Mpokea wageni mmoja alinifunza jinsi inavyopaswa kufanywa. Nilimwandikia: "Tuma sauti ya sekunde 30, jieleze kama unampokea mgeni aliyefika usiku." Hakurekodi papo hapo. Alinijibu kwa maandishi: "Nimepata, nitaituma kabla ya saa 10 jioni." Saa tisa na nusu ikaja. Sekunde 34. Hakuna kelele ya bodaboda, hakuna redio. Alianza na "Karibu sana", akamuuliza mgeni kuhusu safari, akataja funguo na saa za chai ya asubuhi, akamaliza. Chini yake ameandika mstari mmoja: jina lake kamili na "Sauti ya majaribio, nafasi ya mapokezi". Ule mstari ndio uliokuwa na thamani, maana nilipoifowadi sauti na mstari wake, meneja alijua ni ya nani bila kuniuliza.

Nilimuuliza baadaye alirekodije. Aliingia chumbani, akafunga dirisha, akaweka simu umbali wa kiganja kutoka mdomoni, na akaifunga rekodi kwa kuvuta alama ya kipaza sauti juu ili asiendelee kuibana kwa kidole. Alipomaliza akasimamisha, akajisikiliza kabla ya kutuma, akaifuta, akarudia. Ya nne ndiyo niliyoipata.

Mimi si mwepesi wa kuandika. Je, nisitume sauti kabisa?

Tuma, na useme. Swali hili linanigusa, kwa sababu zamani nilikuwa nawaruka wote wanaotuma sauti bila kuombwa. Kisha nikapata mpishi wa makamo, mzee wa pilau na mapishi ya pwani, ambaye macho yalikuwa yamepungua na simu yake ina kioo kilichopasuka. Kila kitu alinieleza kwa sauti, kwa utaratibu kuliko vijana wengi wanavyoandika. Ningemruka, hoteli ingekosa mpishi bora niliyewahi kuwapatia.

Kwa hiyo ukiwa fundi, mpishi, dereva au mtu yeyote ambaye kuandika ni mzigo, mwombe mtoto au jirani akuandikie mstari mmoja: jina, kazi unayoomba, na "naomba kutumia sauti kwa sababu kuandika kunanisumbua". Halafu sauti moja, isizidi dakika moja, si vipande saba vya sekunde tano tano. Namba zote, kama za simu, NIDA na leseni, ziandikwe. Na wenzangu wa meza za kuajiri nawaomba wasikilize. Tunaajiri mtu wa kupika, hatuajiri mtu wa kuchapa.

Afisa ajira mwenyewe ananiandikia "pw kk, 2taongea" na emoji nyingi. Nimuige?

Changamka kidogo, usimfuate mpaka mwisho. Anaweza kuwa anajibu watu sitini kwa siku, na vifupisho vyake havimgharimu kazi. Vyako vinaweza. Mjibu kwa wepesi, "Sawa kaka, nasubiri", kwa maneno kamili.

Wakala wa kazi za Dubai ananitumia sauti tu, haandiki. Ni kawaida?

Kwa sehemu ina maelezo. Kwenye Falme za Kiarabu simu za kupiga kupitia WhatsApp zimezuiwa kwa muda mrefu, wakati ujumbe na sauti za kurekodi zinapita. Kwa hiyo watu wa huko wamezoea sauti badala ya kupiga.

Ila mambo manne hayatakiwi kubaki kwenye sauti peke yake: mshahara, saa za kazi, jina la mwajiri, na nani analipia viza na tiketi. Akikueleza kwa sauti, wewe andika: "Nimekusikia. Naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba mshahara ni dirhamu kadhaa kwa mwezi, mapumziko siku moja kwa wiki, na tiketi inalipwa na mwajiri." Wakala wa kweli atathibitisha. Anayerudi na sauti nyingine ya kukubembeleza, au anayetuma 👍 tu, simama hapo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 14, inataka mkataba wa mfanyakazi anayekwenda kufanya kazi nje ya Tanzania uwe wa maandishi. Chati ya WhatsApp haichukui nafasi ya mkataba huo.

Mkipanga muda wa kuongea, andikeni ni saa za wapi. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja.

Afisa ajira ameanza kunitumia 😘, makopa na voisi noti za usiku. Nifanye nini?

Usijibu kwa emoji yoyote, hata ile ya kucheka kwa kuogopa. Dada wengi wameniambia walituma 😅 ili wasimuudhi, na yeye akaisoma kama ruhusa. Jibu kwa sentensi kavu inayorudisha mazungumzo kwenye kazi: "Naomba tuzungumzie nafasi ya kazi tu, saa za kazi."

Akiendelea, au akikuonyesha kwamba kazi inategemea kumkubalia, hilo si suala la adabu tena. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamhukumu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira. Usimfute, na usimzuie kabla hujahifadhi. Piga skrinishoti zinazoonyesha namba yake, tarehe na saa, siyo jina ulilomsevu. Zile sauti zihifadhi nje ya WhatsApp, kwa mfano kwa kuzituma kwenye barua pepe yako, kwa sababu mtumaji anaweza kuufutia ujumbe pande zote mbili hata baada ya siku nzima kupita. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu uko kwenye simu. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Na mwambie mtu mmoja nyumbani siku hiyo hiyo. Nimeona wadada wakibeba jambo hili miezi mitatu peke yao kwa kuogopa kukosa kazi.

Nimeshatuma ujumbe wenye makosa. Nifute?

Ndani ya dakika 15 unaweza kuuhariri: ubonyeze kwa muda, chagua kuhariri, rekebisha. Utabaki na alama ndogo kwamba umehaririwa, na hilo halimsumbui yeyote. Ukifuta badala ya kuhariri, inabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, nami nabaki najiuliza ulikuwa na nini.

Dakika 15 zikishapita, usifute. Tuma mwingine: "Naomba kusahihisha: nilimaanisha ninayo leseni daraja C." Nikiuona, nitabadilisha kwenye jedwali dakika hiyo hiyo.